Barua ya wazi kwa kamati ya ratiba ya magongo: hesabuni safari kabla ya kuhesabu mechi

Butali, Kaunti ya Kakamega

Kwa wanakamati wanaopanga ratiba ya Ligi Kuu ya mpira wa magongo ya wanaume nchini Kenya.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, mahali ambapo trekta za miwa hupita tangu alfajiri zikielekea kiwandani. Kiwanda hicho ndicho kilichoipa jina timu yetu, Butali Warriors. Ni timu ya kijiji chenye soko, na imechukua ubingwa wa ligi kuu zaidi ya mara moja mbele ya wanajeshi, polisi na vyuo vikuu vya Nairobi. Nawaandikia kama mshabiki wa timu hiyo. Pia ni mwalimu, na kila muhula hupangia shule za jirani mechi zao, kwa hiyo najua kwamba hakuna ratiba inayompendeza kila mtu. Siombi upendeleo. Ninachoomba ni kubadilisha kitu mnachokihesabu.

Mazoea ya ligi nyingi ni kuangalia kama kila timu imepata mechi za nyumbani na za ugenini kwa idadi sawa, kisha karatasi inapigwa muhuri. Kwa kandanda hilo linatosha kiasi, kwa kuwa Bandari wakiwa nyumbani wako Mombasa, na Homeboyz wakiwa nyumbani wako Bukhungu. Magongo yana tatizo la nyasi. Mchezo huu kwa kiwango cha juu unataka nyasi bandia, na kwa miaka mingi uwanja ambao ligi imeutegemea ni City Park, Nairobi, ule wa Michezo ya Afrika ya 1987. Timu ya Kakamega ikiandikwa upande wa kushoto wa karatasi, yaani mwenyeji, halafu mechi ikachezwa City Park, usawa huo umo kwenye wino tu. Mwenyeji amesafiri karibu kilomita 400 kwenda, atasafiri nyingine 400 kurudi, na mgeni amekuja kwa matatu kutoka mtaa wa pili.

Ndiyo maana nasema hesabuni safari. Safari moja ni timu moja kutoka kwake, kuvuka nchi na kurudi.

Niruhusuni nichukue ligi ya timu kumi, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Nane ziko Nairobi: tuseme Kenya Police, Wazalendo, Strathmore Gladiators, Greensharks, Sikh Union, Parkroad Badgers na nyingine mbili. Mbili ziko kwetu magharibi: Butali na Western Jaguars wa Kakamega. Najua orodha hubadilika kila msimu kwa kupanda na kushuka, kwa hiyo msinishike kwa majina. Kila timu inacheza na wenzake tisa mara mbili, mechi 18 kwa msimu, na ligi nzima ina mechi 90.

Sasa pangeni mechi moja kwa kila timu kila wikendi, zote Nairobi. Butali watakutana na timu nane za Nairobi mara mbili, na hizo ni safari 16. Jaguars nao 16. Jumla ni safari 32, na kila moja inalipwa na magharibi. Kwa Butali peke yao ni kilomita 12,800 za basi ndani ya msimu mmoja, kuacha ile dabi ya Jaguars, ambayo ni kichekesho mkiwaita watani wawili wa Kakamega wakaonyeshane ubavu Nairobi.

Hatua ya kwanza ya kupunguza mzigo huo mnaifahamu, kwa kuwa timu za mbali zimewahi kupewa mechi mbili ndani ya wikendi moja, Jumamosi na Jumapili. Tatizo la kufanya hivyo kwa timu za mbali peke yake ni kwamba Butali wanaingia Jumapili wakiwa wamecheza jana yake, na mpinzani ameamka kitandani kwake akiwa na miguu mibichi. Basi mechi mbili kwa wikendi zisiwe adhabu ya umbali. Ziwe utaratibu wa ligi nzima.

Utaratibu wenyewe ni huu. Gaweni timu kumi katika jozi tano. Butali na Jaguars ni jozi moja, wenzi wa safari. Nairobi ina jozi nne. Kila wikendi jozi moja inakutana na jozi nyingine: Jumamosi A anacheza na X, na B anacheza na Y, kisha Jumapili wanabadilishana. Mkimaliza wikendi hiyo, mechi nne zimeisha na kila mchezaji aliyekuwa uwanjani Jumapili alicheza Jumamosi. Hakuna aliyepumzika akimngoja aliyechoka. Kwa kuwa jozi ni tano, ambayo ni namba witiri, kila wikendi jozi moja inakosa mwenzake, na hiyo ndiyo inayocheza dabi yake ya ndani. Wikendi tano zinamaliza mzunguko mmoja, wikendi kumi zinamaliza msimu. Vyuo vikuu vya magharibi mwa Marekani viliendesha mpira wa kikapu kwa jozi za namna hii kwa miaka mingi, kwa sababu vilikuwa vimetawanyika mbali kuliko sisi.

Hata kama mtabaki na City Park pekee, jozi hizi zinashusha safari za Butali kutoka 16 hadi nane, na dabi inachezwa huku Kakamega bila kumsumbua mtu. Jumla ya ligi inakuwa safari 16, nane za Butali na nane za Jaguars. Ni nusu ya zile 32, na hakuna mechi hata moja iliyopotea.

Hatua ya pili ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Chukueni jozi hizohizo, lakini katika mzunguko mmoja kila jozi ya Nairobi ije Kakamega wikendi moja, na katika mzunguko mwingine magharibi ndiyo iende Nairobi. Hesabuni tena. Butali wanakwenda Nairobi mara nne, Jaguars mara nne, hizo ni nane. Timu nane za Nairobi zinakuja huku mara moja kila moja, hizo ni nane nyingine. Jumla ni 16. Ni namba ileile!

Kwa hiyo ule usemi tunaousikia kila mara, kwamba kuleta mechi magharibi kutaiongezea ligi gharama za usafiri, hesabu inaukataa. Ligi haiongezewi hata safari moja. Kinachobadilika ni mfuko unaolipa. Kwa hatua ya kwanza timu mbili zinabeba safari zote 16. Kwa mpango huu timu ya Nairobi inabeba safari moja kwa msimu mzima, na timu ya Kakamega inabeba nne. Bado sisi tunasafiri mara nne zaidi yao. Hilo ni la jiografia, na hatulalamikii jiografia.

Kuna jambo jingine zuri katika jozi tano ambalo nataka mlione, kwa sababu huwasumbua wapangaji wote. Timu hupenda kupokezana: nyumbani, ugenini, nyumbani, ugenini. Zamu inapokatika, yaani timu inapokaa nyumbani mara mbili mfululizo au kusafiri mara mbili mfululizo, manung'uniko huanza. Katika ligi yenye idadi shufwa ya timu, hamwezi kuliepuka hilo hata mkeshe. Timu isiyokatika zamu ina njia mbili tu za kwenda: kuanza nyumbani au kuanza ugenini. Timu mbili zikiwa na njia moja, siku zote zitakuwa nyumbani pamoja au ugenini pamoja, na hazitakutana kamwe. Basi ni timu mbili tu zinazoweza kupokezana bila kasoro, na zilizobaki kila moja lazima ikatike angalau mara moja. Kwa timu kumi ni mikatiko minane kwa kila mzunguko, hata mpangaji awe hodari namna gani. Mtu akiwaletea ratiba ya namna hiyo akadai haina mkatiko wowote, mwambieni aihesabu tena.

Jozi tano zinatoka kwenye mtego huo kwa sababu kila wikendi moja inakaa pembeni na dabi yake. Magharibi, kwa mfano, tungekwenda hivi: wikendi ya kwanza Nairobi, ya pili Kakamega, ya tatu dabi, ya nne Nairobi, ya tano Kakamega. Jozi nyingine nazo zinapokezana vivyo hivyo, kila moja ikianza mahali pake katika mlolongo huo. Mzunguko wa pili mnageuza: Kakamega, Nairobi, dabi, Kakamega, Nairobi. Mshono upo sehemu moja tu, kati ya wikendi ya tano na ya sita, ambapo sisi tungekuwa nyumbani mara mbili na jozi nyingine zingepata kasoro yao palepale. Wekeni mapumziko ya katikati ya msimu hapo, na mshono hauonekani. Ligi ikiwa na timu 12 mambo yanabadilika: jozi zinakuwa sita, dabi inahitaji wikendi yake, na mikatiko minne inarudi katika kila mzunguko. Inavumilika, lakini ni vizuri kujua mapema kuliko kushtukia.

Sasa niingie City Park kwenyewe, kwa kuwa uwanja wa kushirikiana una hesabu yake, na hapo ndipo dada zetu huumia kimyakimya.

Mechi ya magongo ni robo nne za dakika 15. Ukijumlisha mapumziko, kusimamisha saa, kumwagia uwanja maji na timu zinazofuata kupasha misuli moto, saa mbili kwa mechi ni kipimo cha haki. Mkianza saa tatu asubuhi mnapata nafasi ya saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa na saa kumi na moja jioni. Ya mwisho inaisha jua likizama. Nafasi tano kwa siku, kumi kwa wikendi. Ligi ya wanaume kwa jozi inataka nafasi tisa kati ya kumi ikichezwa yote Nairobi: nne kila siku, na dabi ya jozi iliyokaa pembeni. Iliyobaki ni moja kwa ligi ya wanawake na ligi ya daraja la chini pamoja. Kwa maneno mengine, hakuna nafasi. Lakini katika wikendi ambayo mechi nne ziko Kakamega, City Park inabaki na mechi tano za wanaume, na nafasi tano zinafunguka. Lakers wa Kisumu wanaosafiri kwenda kuwakabili akina Blazers wangeweza kupata Jumamosi na Jumapili yao kwa heshima, badala ya kusukumwa kwenye nafasi ambayo mwanamume ameikataa. Wikendi za Kakamega zingekuwa nne kwa msimu. Panapobaki pagumu ni wikendi nne za sisi kuja Nairobi, na zile ambazo magharibi tuko na dabi. Wanawake wasipangiwe wikendi hizo kwa mazoea tu.

Kushirikiana uwanja si shida ya magongo peke yake. Gor Mahia na AFC Leopards wamegawana Nyayo na Kasarani kwa miongo, na dawa yake inajulikana: mmoja akiwa nyumbani mwenzake awe ugenini, msimu mzima. Dawa hiyo inafanya kazi kwa timu mbili. Ikiwa tatu, lazima kila raundi mbili kati yao ziwe upande mmoja, na mtapata wikendi uwanja una wenyeji wawili. Sasa fikirieni uwanja mmoja wenye wenyeji nane. Ndiyo maana katika magongo neno mwenyeji lilipoteza uzito zamani, na swali likahamia kwenye saa.

Saa, waheshimiwa, ndiyo ugenini wetu halisi. Mchezaji wa Butali akipangiwa mechi ya Jumapili saa kumi na moja jioni, anatoka City Park kama saa moja usiku. Barabara ni Nakuru, Eldoret, Webuye, na safari huchukua saa nane au tisa. Anafika soko la Butali saa tisa au saa kumi usiku, na saa mbili asubuhi ana kazi. Hilo ni la uchovu. La hatari ni kwamba usiku huo amepita Salgaa na Sachangwan. Tarehe 31 Desemba 2017 ajali ya basi na lori pale Migaa iliua zaidi ya watu 30, na mamlaka ya usafiri ikasimamisha kwa muda safari za usiku za magari ya abiria. Marufuku iliondolewa baadaye. Mteremko bado upo.

Mpangeni hivi. Jumamosi timu mbili za wageni zicheze saa saba na saa tisa. Jumapili aliyecheza saa saba apewe saa tatu asubuhi, na aliyecheza saa tisa apewe saa tano. Kila mgeni anapata saa 20 kati ya mwanzo wa mechi moja na mwanzo wa nyingine, sawa kwa sawa. Kati ya wenyeji, mmoja atapata saa 22 na mwingine 18, lakini huyo wa 18 analala nyumbani kwake, na katika mzunguko wa pili mnaweza kuwageuza. Wageni wa saa tano watamaliza saa sita na dakika ishirini hivi, watakula, na saa saba na nusu basi linawasha. Saa nne usiku wako Butali. Sehemu mbaya ya barabara wameipita mchana. Timu za Nairobi zikija Kakamega zipewe saa hizohizo, kwa sababu Sachangwan haibagui.

Nimejiuliza ni wapi mpango huu unaweza kuvunjika, nikaona sehemu tatu.

Ya kwanza ni uwanja. Timu iliyozoea nyasi bandia, ambako mpira hukimbia sawasawa, haitacheza kwa moyo mweupe kwenye nyasi za kawaida ambako mpira unaruka na kona fupi inageuka bahati nasibu. Hoja hiyo ni ya haki. Basi kagueni uwanja kabla ya msimu, muandike kinachotakiwa: vipimo vya mita 91.4 kwa 55, usawa wa uso, magoli, mistari, chumba cha kubadilishia nguo. Uwanja wa magharibi ukikosa sifa mnabaki na ile hatua ya kwanza, jozi na saa, ambayo haihitaji hata jiwe moja la ujenzi. Nisingependa kuona tukikataliwa yote mawili kwa sababu ya moja.

Ya pili ni kugawa jozi za Nairobi. Mkiziweka timu mbili kali pamoja, wikendi hiyo inakuwa jehanamu kwa kila anayekutana nazo, na Jumapili yake haina thamani. Pangeni timu nane kwa nafasi zilizoshika msimu uliopita, ya kwanza na ya nane, ya pili na ya saba, mkiendelea hivyo. Kura peke yake siiamini.

Ya tatu ndiyo inayoua ratiba nyingi nzuri, nayo ni kuahirisha. Jozi ni mnyororo: mkiondoa mechi moja ya Jumamosi, mmeacha basi la watu 25 Nairobi kwa ajili ya mechi moja, na ile iliyoahirishwa italeta safari ya ziada ambayo haikuwa kwenye hesabu. Kwa hiyo mechi yenye msafiri isiguswe ndani ya siku 14 kabla yake, isipokuwa uwanja wenyewe umefungwa au timu ya taifa imeitwa. Ikilazimu kuahirisha, iahirishwe wikendi nzima ya jozi zote mbili, na ihamie kwenye wikendi ya akiba mtakayokuwa mmeitenga mwishoni mwa kila mzunguko. Msiirejeshe Jumatano mchana. Mchezaji wetu anaomba ruhusa kwa mwajiri, na ruhusa ya Jumatano haitolewi mara mbili.

Kabla hamjapiga muhuri ratiba ijayo, naomba mwongeze ukurasa mmoja. Kila timu iwe na mstari wake, na kwenye mstari huo muandike mambo manne: safari ngapi zaidi ya kilomita 200, safari ngapi zinazofuatana wikendi kwa wikendi, mechi ngapi za Jumapili baada ya saa saba mchana ikiwa mbali na kwake, na saa chache kabisa kati ya mechi mbili. Itumeni kwa makatibu wa timu wiki mbili kabla ya kuifunga. Mkaguzi hahitaji utaalamu wowote. Atateremsha kidole kwenye safu ya kwanza, akikuta timu moja ina 16 na nyingine ina sifuri, atajua pa kuuliza.

Kwenye safu ya tatu, ile ya Jumapili alasiri, mstari wa Butali na wa Jaguars usomeke sifuri. Katika mengine yote niko tayari kusikia sababu zenu.

Wenu katika mchezo,

Mshabiki wa magongo, Butali